Muuzaji alisema ushuru umo ndani ya bei, sasa unadaiwa mlangoni: namna ya kurudisha pesa zako

Mwaka jana dada yangu, anayekaa Nairobi, aliagiza blenda kutoka duka la mtandaoni la nje ya nchi. Bei ilikuwa dola 100, na kwenye ukurasa wa malipo iliandikwa wazi kuwa usafirishaji na ushuru vimo humo humo. Baada ya wiki mbili akapata ujumbe kwenye simu: mzigo umefika, lipa shilingi 9,655 ndipo uletewe. Dola siku hizo tuliihesabu kwa shilingi 130, kwa hiyo blenda yenyewe ilikuwa imemtoa 13,000. Alikuwa anaongezewa karibu robo tatu ya bei juu ya kitu alichoambiwa kimelipiwa chote.

Aliponipigia alikuwa ameshagombana na kijana wa bodaboda aliyetumwa kuuleta mzigo, na alikuwa anajiandaa kwenda kugombana na watu wa forodha. Nikamwambia apumue kwanza. Kijana wa boda hajui lolote. Forodha nayo haikumwahidi kitu, maana kodi hudaiwa kwa mujibu wa sheria, muuzaji awe amesema nini. Aliyevunja ahadi ni muuzaji, na huko ndiko malalamiko yanakopaswa kwenda. Kazi iko katika kuyapeleka kwa mpangilio utakaomfanya muuzaji ashindwe kukwepa.

1. Hakikisha deni ni la kweli

Ujumbe wa kudai "ada ya forodha" ni mtego ambao matapeli wanaupenda, kwa sababu watu wengi siku hizi wana mzigo fulani njiani. Usibonyeze kiungo kilicho ndani ya ujumbe. Chukua nambari ya ufuatiliaji uliyopewa na duka siku uliyoagiza, fungua mwenyewe tovuti ya kampuni ya vifurushi, uiandike humo. Deni likiwa la kweli, mzigo utaonekana umefika nchini na unasubiri malipo. Ukiambiwa utume pesa kwa nambari ya simu ya mtu binafsi, acha hapo hapo.

2. Soma upya ahadi yenyewe, neno kwa neno

Hapa ndipo madai mengi huvunjikia. Maneno yanayofanana masikioni hubeba maana tofauti. `Free shipping` maana yake ni nauli ya mzigo tu, wala haigusi ushuru. `Tax included` mara nyingi ni kodi ya mauzo ya nchi aliko muuzaji, si ya kwako. Kinachokupa nguvu ni kauli kama `Duties and taxes included`, au ahadi kwamba hutalipa chochote mzigo ukifika, au herufi DDP.

Herufi hizo ni za masharti ya biashara ya kimataifa, na inafaa uzijue. DDP humaanisha muuzaji anabeba kila kitu hadi mzigo ufike, pamoja na ushuru wa forodha na kodi za nchi ya mnunuzi. DAP humaanisha muuzaji anaufikisha mzigo, lakini kodi za kuingiza ni zako. Mara nyingi balaa hutokea hivi: duka linauza kwa ahadi ya DDP, halafu kijana wa ghalani kwao anajaza hati ya mzigo kama DAP. Kampuni ya vifurushi inafuata hati, na bili inakuangukia wewe. Si lazima iwe wizi, pengine ni uzembe tu, na uzembe huo una dawa nitakayoieleza katika hatua ya nne.

Piga picha za skrini leo, kabla hujamwandikia muuzaji hata neno moja. Unahitaji ukurasa wa bidhaa, ukurasa wa malipo, barua pepe ya kuthibitisha oda, na mazungumzo yote mliyofanya. Picha ionyeshe tarehe na anwani ya tovuti. Maduka hubadilisha kurasa zao, na maelezo yaliyokuwepo Jumatatu yanaweza kuwa yamefutwa Ijumaa. Dada yangu alikuwa na bahati: barua pepe ya oda ilikuwa imerudia ahadi ile ile, na barua pepe muuzaji hawezi kuifuta kwenye kikasha chako.

3. Omba mchanganuo wa bili, kisha uupige hesabu mwenyewe

Usikubali jumla peke yake. Iandikie kampuni ya vifurushi uombe vitu vitatu: ankara yenye kila ada kwa jina lake, nakala ya tamko la forodha, na nakala ya ankara ya muuzaji iliyoambatana na mzigo. Hiyo ya tatu wengi huisahau, na ndiyo yenye siri.

Hivi ndivyo bili ya dada yangu ilivyokuwa. Thamani iliyotamkwa ilikuwa shilingi 13,000. Ushuru wa forodha uliwekwa kwa asilimia 25, ambacho ni kimojawapo cha viwango vinne vya jumla vya ushuru wa pamoja wa Afrika Mashariki (0, 10, 25 na 35). Hapo ni 3,250. VAT ya asilimia 16 haipigwi kwenye 13,000 bali kwenye thamani ikijumlishwa na ushuru, yaani 16,250, na inakuwa 2,600. Ada ya tamko la kuingiza bidhaa, IDF, ni asilimia 2.5 ya thamani: 325. Tozo ya reli, RDL, ni asilimia 2: 260. Jumla ya pesa za serikali ni 6,435.

Zilizobaki, 3,220, hazikwenda serikalini. Kampuni ya vifurushi ilimtoza 1,500 kwa kazi ya kliaringi na 500 kwa kumlipia kodi kabla hajalipa yeye, kisha VAT ya 320 juu ya hizo 2,000. Mwisho kulikuwa na 900 za kuuleta mzigo nyumbani.

Hesabu hii ina faida mbili. Kwanza inakuonyesha kama forodha ilikosea. Linganisha thamani kwenye tamko na ulicholipa kweli. Nimewahi kuona mzigo wa dola 60 ukitamkwa kwa 160 kwa sababu aliyejaza fomu alibonyeza vibaya. Angalia pia maelezo ya bidhaa: kitu kikiandikwa kwa jina lisilo lake, kinaweza kuangukia kiwango cha juu zaidi. Kosa la aina hiyo halimhusu muuzaji peke yake. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inakupa siku 30 za kuomba uamuzi wa forodha upitiwe upya, na miezi 12 tangu siku ya malipo ya kudai ushuru uliolipwa kwa makosa. Anza kwa kuiambia kampuni ya vifurushi irekebishe tamko, kwa kuwa wao ndio walioliwasilisha kama wakala wako.

Faida ya pili ni kwamba unajua unamdai muuzaji nini hasa. Akisema atarudisha "kodi" tu, utajua anaacha ngapi mfukoni mwake.

4. Kabla ya kulipa, mwambie muuzaji aichukue bili

Hii ndiyo dawa niliyoahidi. Muuzaji mwenye akaunti kwenye kampuni ya vifurushi anaweza kuiagiza ihamishe bili ya kodi kutoka kwa mpokeaji iende kwenye akaunti yake. Kwao ni barua pepe moja au simu moja. Kwako ni pesa ambayo hutahitaji kuitoa kisha kuikimbiza. Angalia kwenye hati ya mzigo sehemu inayoonyesha kodi zitalipwa na nani. Ikisema mpokeaji ilhali oda yako inasema ushuru umelipiwa, piga picha sehemu hiyo uitume kwa muuzaji pamoja na nambari ya ufuatiliaji.

Mpe saa 48, si zaidi. Mzigo uliolala ghalani hupewa siku chache za bure, kisha unaanza kutozwa hifadhi. Iulize kampuni siku hizo zinaisha lini na uiandike tarehe. Nimeona watu wakishinda hoja na kushindwa na hifadhi.

Muuzaji mwingine atakujibu kwa ukarimu wa ajabu: "Tutakutumia mwingine na tutaandika thamani ndogo", au "tutaandika ni zawadi". Kataa. Tamko la uongo ni kosa la forodha, na jina litakalokuwa kwenye karatasi kama mwagizaji ni lako.

5. Ulipe au uukatae mzigo?

Hapa ushauri wangu unaweza usikupendeze: mara nyingi ni afadhali ulipe, kisha udai.

Ukiukataa, mzigo unarudishwa au unatelekezwa, na muuzaji atataka kukukata gharama ya kurudisha, pengine na nauli ya kuja. Zaidi ya hapo unapoteza silaha uliyodhani unayo. Watu husema, "Sitauchukua, kisha nitaiambia benki sikupokea kitu." Kanuni za Visa za mzigo usiofika hazikubali hoja hiyo ikiwa mzigo umezuiliwa na forodha ya nchi yako mwenyewe. Duka litaonyesha mzigo ulifika Nairobi ukakosa mwenyewe, na mchezo umekwisha.

Ukilipa, unabaki na bidhaa, risiti, na dai la kiasi kinachojulikana hadi shilingi ya mwisho. Lakini usilipe kimya kimya. Dakika chache kabla ya kulipa, mwandikie muuzaji kuwa unalipa kwa sababu mzigo utaanza kutozwa hifadhi, kwamba hukubali kuwa deni ni lako, na kwamba utamdai. Mistari miwili inatosha. Bila hiyo atasema baadaye kuwa ulikubali.

Ninapoona ni bora kukataa ni pale bili inapokaribia au kuzidi bei ya bidhaa na muuzaji hajibu kabisa. Hata hapo, mwandikie kwanza kuwa unavunja oda kwa kuwa masharti si yale uliyoyakubali, ili kumbukumbu ionyeshe umekataa masharti na si kwamba hukwenda kuchukua mzigo.

6. Barua ya madai

Tumia sehemu ya ujumbe ya oda ndani ya jukwaa ulilonunulia, si WhatsApp. Msuluhishi wa jukwaa husoma yaliyomo humo, na muuzaji anayekusihi mhamie kwingine mara nyingi analijua hilo. Andika kwa lugha ya duka. Weka hasira kando. Anayesoma ni mfanyakazi mwenye oda mia mezani, anatafuta nambari na kiasi. Dada yangu aliandika hivi:

> Nambari ya oda: [iweke hapa]. Tarehe 3 niliagiza blenda kwa dola 100. Ukurasa wenu wa malipo na barua pepe yenu ya kuthibitisha oda vinasema usafirishaji na ushuru wa kuingiza vimo ndani ya bei (picha 1 na 2). Tarehe 17 kampuni ya vifurushi ilinidai shilingi za Kenya 9,655 kabla ya kunipa mzigo (picha 3). Hati ya mzigo inaonyesha kodi zilielekezwa kwa mpokeaji (picha 4). Niliwaandikia tarehe 17 mwihamishe bili, sikujibiwa. Nililipa tarehe 19 kwa kupinga, risiti nimeiambatanisha (picha 5). Naomba mnirudishie shilingi 9,655, sawa na dola 74.27, kwa njia niliyolipia, ndani ya siku 7. Msipofanya hivyo nitafungua malalamiko kwenye jukwaa na kwa benki yangu.

Jibu la kwanza lilikuwa lile la kawaida: kodi za forodha ni jukumu la mnunuzi, soma sera yetu. Usibishane na sera. Jibu kwa sentensi moja kwamba sera ya jumla haifuti ahadi iliyoandikwa kwenye oda hii, na uambatanishe picha ile ile tena. Siku ya tano wakaomba ankara. Wakiomba ankara, maana yake wameanza kuhesabu.

Walikubali 6,435 za serikali, wakazikataa ada za kampuni ya vifurushi wakisema hizo ni "huduma". Hapo hoja ni nyepesi: ada za kliaringi na za kulipiwa kodi kabla zilitokea kwa sababu muuzaji hakulipa kodi alizosema amelipa. Angelipa, zisingekuwepo kwenye bili ya mpokeaji. Wakaongeza 2,320. Zile 900 za kuletewa nyumbani hawakuzitoa, na waliposhikilia nilimwambia dada awaachie. Ukurasa wao ulisema mzigo utafikishwa kituo cha kuchukulia mjini, na yeye ndiye aliyechagua kuletewa Kasarani.

7. Wakikataa kabisa

Kama ulinunua kwenye jukwaa kubwa lenye wauzaji wengi, fungua mgogoro humo kwanza, na usibonyeze kitufe cha kuthibitisha kuwa umeridhika na mzigo kabla hamjamalizana. Kitufe hicho kwenye majukwaa mengi humwachilia muuzaji pesa na kukufungia mlango. Omba marejesho ya sehemu, kwa kiasi kile kile cha kwenye barua. Ukibadilisha kiasi kila mara utaonekana unabahatisha.

Uliyelipa kwa PayPal una siku 180 tangu malipo za kufungua mgogoro, na ukishaufungua una siku 20 za kuupandisha kuwa dai rasmi. Zikipita, mgogoro unajifunga wenyewe, na hapo ndipo wengi huanguka kwa kuendelea kubembelezana na muuzaji.

Uliyelipa kwa kadi, pamoja na ile kadi ya Visa ya M-Pesa GlobalPay, unaweza kuweka pingamizi la malipo kupitia aliyekupa kadi. Muda wa kawaida ni siku 120, ila benki yako inaweza kutaka mapema zaidi, kwa hiyo uliza wiki ya kwanza. Elewa mpaka wake: benki inaweza kupinga kile ulicholipa dukani, si kile ulichoilipa kampuni ya vifurushi. Unachodai ni kwamba duka halikutoa lilichokieleza, na kwamba sehemu ya dola 100 ililipia huduma ya ushuru ambayo haikutolewa. Dai sehemu hiyo, usidai dola zote 100 huku blenda inasaga maembe jikoni. Madai ya kupita kiasi ndiyo duka huyapangua kirahisi. Hata dai safi si la uhakika, lakini duka nyingi hulainika mara barua ya benki inapowafikia, kwani kila pingamizi huwaingizia gharama.

8. Muuzaji akiwa hapa hapa nchini

Kuna wale wanaouza kwenye Instagram au WhatsApp kwa mtindo wa "agiza nikuletee", unalipa kwa M-Pesa, kisha mzigo ukifika wanadai "pesa ya kliaringi". Hapa njia ni nyingine, na ni nzuri zaidi, maana mtu yuko ndani ya mkono wa sheria ya Kenya. Usipoteze muda na 456. Huduma ile ni ya pesa iliyotumwa kimakosa, si ya mgogoro wa biashara. Mtake mtu huyo akuonyeshe tamko la forodha na risiti ya mzigo wako. Wengi huchanganya mizigo ya wateja kumi kwenye shehena moja na "kliaringi" wanayokudai ni makadirio yao. Asiyeweza kuonyesha karatasi hana pa kuisimamishia ada yake.

Akikataa, Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 inakataza kumpotosha mnunuzi kuhusu bei, na Mamlaka ya Ushindani ya Kenya hupokea malalamiko ya namna hiyo. Kwa kurudishiwa pesa zenyewe, Mahakama ya Madai Madogo hushughulikia madai hadi shilingi milioni 1, na unaweza kwenda bila wakili. Peleka bando lile lile la picha, ankara na barua. Uliye Tanzania Bara, VAT yako ni asilimia 18 na mlango wa malalamiko ni Tume ya Ushindani, FCC; mpangilio wa ushahidi haubadiliki.

Dada yangu alirudishiwa shilingi 8,755 baada ya siku 23, zikaingia kwenye kadi kama dola 67 na senti kidogo. Benki ilikata kidogo kwenye kubadilisha fedha. Hiyo hatukuidai.